Umeachishwa kazi kabla ya wakati: uchukue akiba yote sasa au uisubirie pensheni ya kila mwezi?

Siku ya mwisho kazini, ofisi ya HR hukukabidhi karatasi tatu nne za kutia saini. Moja ni fomu ya mfuko wa akiba, ule ambao wengi tunauita providenti. Ina visanduku vichache tu: kuacha pesa mfukoni, kuzihamisha, au kulipwa. Karani, kwa nia njema kabisa, huwa ameshaweka alama ndogo ya penseli kwenye kisanduku cha tatu. "Mzee, saini hapa, wenzako wote wamesaini hapo." Wewe chukua fomu hiyo, ikunje, uende nayo nyumbani. Haina haraka hiyo. Pesa zikibaki mfukoni zinaendelea kupata riba, na hakuna anayeweza kukulazimisha uzitoe.

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina moja: mfanyakazi wa kampuni binafsi aliyepoteza kazi akiwa na miaka arobaini na kitu, mwenye akiba ya zaidi ya milioni moja kwenye mfuko wa kampuni. Mwalimu wa TSC na mtumishi wa serikali wana sheria zao, hazifanani na hizi. Mfano wetu utakuwa fundi wa mitambo aliyepunguzwa kazini katika kiwanda kimoja hapa Nakuru. Ana miaka 46, alikuwa mwanachama wa mfuko kwa miaka 12, na mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 45,000. Ni fundi wa kubuni, lakini hesabu zake utaweza kuzibadilisha kwa kuingiza zako.

Hatua ya kwanza: jua uko kwenye mfuko wa aina gani

Chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997, mifuko yote husajiliwa na kusimamiwa na mamlaka inayojulikana kama RBA. Kuna aina mbili zinazotuhusu. Mpango wa pensheni hukuruhusu ukistaafu kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili zinazobaki hugeuzwa kuwa kipato cha kila mwezi. Mfuko wa akiba hukuruhusu kuchukua vyote kwa mkupuo ukifika umri wa kustaafu, ingawa haukukatazi kununua kipato cha mwezi ukitaka.

Tofauti hiyo inahusu siku ya kustaafu. Ukiacha kazi kabla ya hapo, aina zote mbili hufuata kanuni moja: unaweza kutoa michango yako yote pamoja na riba yake, na nusu ya ile aliyochanga mwajiri pamoja na riba yake. Nusu nyingine ya mwajiri hufungiwa mpaka utakapofika umri wa kustaafu, au miaka 50 ukiomba kustaafu mapema. Watu wengi hugundua hivyo siku ya malipo, wakati tayari wameshaahidiana na muuza ploti kwa kutumia jumla yote iliyo kwenye taarifa.

NSSF ni kando. Hiyo huiguzi ukiwa na miaka 46. Hulipwa ukifika 60, au kuanzia 50 ukiwa umeacha kazi. Lakini uliza jambo moja: tangu Februari 2023, sheria mpya ya NSSF ilipoanza kutekelezwa, baadhi ya waajiri hupeleka michango ya daraja la pili, ile ya sehemu ya mshahara inayozidi kiwango cha chini, kwenye mfuko wa kampuni badala ya NSSF. Kama wako alifanya hivyo, sehemu hiyo nayo imefungwa, na ni lazima uitoe kwenye hesabu ya pesa za mkononi.

Hatua ya pili: omba taarifa yako na uisome safu kwa safu

Usitumie takwimu uliyoambiwa kwa mdomo. Omba kwa msimamizi wa mfuko taarifa ya uanachama ya hadi mwezi ulioacha kazi, iliyotenganisha michango yako, michango ya mwajiri, michango ya hiari kama ilikuwepo, na riba ya kila safu.

Ya fundi wetu inasoma hivi: michango yake na riba, shilingi 700,000, ya mwajiri na riba, shilingi 1,000,000. Jumla milioni 1.7. Alikuwa akikatwa asilimia 7 na mwajiri akiongeza 10, kwa hiyo uwiano wa safu hizo mbili unaingiana. Ndivyo unavyokagua na wewe: uwiano wa safu ufanane na uwiano wa asilimia. Kama mwajiri anachanga zaidi yako ilhali safu yake ni ndogo kuliko yako, kuna miezi ambayo hakupeleka. Huku kwetu, kwenye viwanda ambavyo vimewahi kuyumba, jambo hili si geni: payslipu inaonyesha umekatwa, mfuko unaonyesha haujapokea. Toa payslipu zako, linganisha mwezi kwa mwezi, na uandike barua kwa wadhamini wa mfuko kabla hujasaini chochote. Ukishasaini kwamba umelipwa mafao yako yote, utakuwa umejifungia mlango mwenyewe.

Angalia pia riba iliyotangazwa kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita. Usitafute mwaka mzuri, tafuta wastani. Mfuko uliotoa wastani wa asilimia 4 wakati bei sokoni zinapanda kwa 6 unakula akiba yako polepole, na hapo swali halitakuwa kutoa au kuacha. Swali litakuwa uhamie wapi.

Hatua ya tatu: hesabu utakachoshika mkononi leo

Hapa ndipo penye jambo ambalo karani hatakuambia, pengine kwa sababu hata yeye hajawahi kulifanyia hesabu.

Fundi akitoa kila anachoruhusiwa, atatoa 700,000 zake na 500,000 za mwajiri. Jumla 1,200,000. Kodi ya anayetoa kabla ya umri wa kustaafu, akiwa na chini ya miaka 15 ya uanachama, huhesabiwa hivi: kwa kila mwaka kamili wa kazi unasamehewa shilingi 60,000, lakini msamaha wote usipite 600,000. Miaka 12 ingempa 720,000, kwa hiyo anapata ukomo wa 600,000. Zinazobaki 600,000 zinaingia kwenye ngazi za kodi: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10, sawa na 28,800, 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25, sawa na 25,000, na 212,000 zilizobaki kwa asilimia 30, sawa na 63,600. Kodi yote ni 117,400. Anashika 1,082,600.

Sasa tuseme ametoa michango yake mwenyewe tu, 700,000, na sehemu ya mwajiri ameiacha yote. Msamaha ni ule ule 600,000. Kinachotozwa ni 100,000 kwa asilimia 10, yaani kodi ya shilingi 10,000. Anashika 690,000.

Rudia kutazama takwimu hizo mbili. Nusu milioni ya mwajiri anayoiongeza juu inamzidishia kodi kutoka 10,000 hadi 117,400. Kwenye 500,000 hizo anashika 392,600. Kwa lugha nyingine, sehemu ya kwanza ya mkupuo karibu haina kodi, na sehemu ya juu ndiyo ghali. Ndiyo maana swali la "nitoe au nisitoe" limekaa vibaya tangu mwanzo. La kuuliza ni utoe mpaka wapi.

Aliyetimiza miaka 20 ya uanachama ana habari njema zaidi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya marekebisho ya kodi ilisamehe kodi kwa mafao yanayotolewa ukifika umri wa kustaafu wa mfuko wako, yanayotolewa mapema kwa sababu ya ugonjwa, na yanayotolewa baada ya miaka 20 ya uanachama. Kama una miaka 19 na miezi kadhaa, usisaini kitu kabla hujazungumza na msimamizi. Kwa vyovyote vile, mwombe akuandikie hesabu ya kodi kwenye karatasi kabla hujaamua. Ni haki yako, na kazi hiyo ataifanya tu wakati wa kukulipa.

Hatua ya nne: hesabu unachokiacha

Chukua kiwango cha riba ambacho hakitakudanganya. Mimi ningetumia asilimia 8 kwa mwaka baada ya gharama zote, hata kama mwaka jana mfuko ulitoa zaidi. Kutoka miaka 46 hadi 60 ni miaka 14, na kwa asilimia 8 kila shilingi inakuwa shilingi 2.94. Kwenye simu, andika hivi:

```
1.08^14 = 2.937
```

Milioni 1.7 ikiachwa yote inafika karibu milioni 5 bila kuongezewa hata senti. Ukiachwa mchango wa mwajiri tu, milioni 1, unafika 2,937,000. Akitoa kila anachoruhusiwa, 500,000 zilizofungwa zinafika 1,468,600.

Mawakala wa bima huishia hapo, kwenye milioni 5, halafu wanatabasamu. Wewe endelea. Bei za vitu zikipanda kwa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka, kitu cha shilingi 100 leo kitauzwa 226 baada ya miaka hiyo 14. Kwa hiyo gawanya kila takwimu ya mbele kwa 2.26 upate thamani yake ya leo. Milioni 5 ya mwaka huo ni kama milioni 2.2 ya leo. Bado ni faida, maana ulianza na 1.7 na hukukatwa kodi ya kutoa mapema, lakini si utajiri.

Hatua ya tano: geuza akiba iwe pesa ya mwezi

Ukistaafu, kuna njia mbili za kupata kipato cha mwezi. Ya kwanza ni anuiti: unaipa kampuni ya bima akiba yako, nayo inajifunga kukulipa kila mwezi mpaka siku unayokufa. Ukishasaini na muda wa kubadili nia kupita, hakuna kurudi nyuma. Ya pili ni mfuko wa kuchota kidogo kidogo: pesa zinabaki zako, zinaendelea kuwekezwa, nawe unachota kila mwezi kwa angalau miaka 10, bila kupita asilimia 15 ya salio kwa mwaka.

Bei ya anuiti hubadilika na umri wako, riba ya hati za serikali na masharti unayochagua. Kwa ajili ya hesabu yetu, tuchukulie kila milioni moja inanunua shilingi 9,500 kwa mwezi akiwa na miaka 60. Akichukua theluthi kwa mkupuo na kugeuza theluthi mbili, fundi aliyeacha milioni 1.7 yote ataanza na mkupuo wa milioni 1.66 na pensheni ya takriban 31,600 kwa mwezi. Kwa thamani ya leo hiyo pensheni ni kama 14,000. Aliyeacha mchango wa mwajiri tu atapata 18,600 kwa mwezi, kama 8,200 za leo. Aliyetoa kila anachoruhusiwa atapata 9,300, kama 4,100 za leo.

Kwenye anuiti kuna maswali matatu ya kuuliza, na bila majibu yake bei uliyopewa haina maana. Je, malipo yanapanda kila mwaka au yamesimama? Anuiti iliyosimama huanza juu, lakini bei zikipanda kwa asilimia 6, ukifika miaka 72 itakununulia nusu tu ya ulichokuwa ukinunua ukiwa na 60. Je, mke au mume ataendelea kulipwa ukitangulia? Anuiti ya wanandoa huanza chini kidogo, nami kwa aliye na mwenzi asiye na kipato singesita kuichagua. Na je, ina dhamana ya miaka mingapi? Ikiwa ni miaka 10 nawe ukafariki mwaka wa nne, warithi wanalipwa miaka sita iliyobaki. Ukifariki mwaka wa kumi na moja bila kifungu cha mwenzi, malipo yameishia hapo. Omba bei kwa kampuni tatu tofauti siku moja, kwa masharti yale yale matatu. Usipofanya hivyo utakuwa unalinganisha vitu visivyolingana.

Mfuko wa kuchota huwavutia watu kwa sababu kinachobaki ni cha warithi. Ila tazama mwendo wake. Akiweka milioni 3.33 na kuchota asilimia 15 ya salio kila mwaka, mwaka wa kwanza anapata kama 41,600 kwa mwezi, zaidi ya anuiti. Mfuko ukizalisha asilimia 8, kila mwaka salio linapungua, na baada ya miaka 10 limebaki takriban milioni 1.4. Asilimia 15 ya hapo ni kama 17,700 kwa mwezi, na mzee ana miaka 70. Anayechota asilimia 8 au 9 anadumu, lakini basi kipato chake huanza chini ya kile cha anuiti.

Kipato hicho cha mwezi, baada ya sheria ya Desemba 2024, hakikatwi kodi ukiwa umefika umri wa kustaafu. Mchango wa SHA ndio utakuwa juu yako mwenyewe, kwa hiyo uweke kwenye bajeti.

Hatua ya sita: ipime na kazi unayotaka pesa ziifanye

Akiba haitolewi ili ikae. Inatolewa kwa kitu fulani, na hicho kitu nacho kihesabiwe kwa mwezi. Huku kwetu mara nyingi ni vyumba vya kupangisha, pikipiki, duka, au ng'ombe wa maziwa.

Fundi wetu ana kiploti Kaptembwo chenye hatimiliki kwa jina lake, na maji yamefika. Anataka vyumba. Tuseme fundi wa ujenzi ameandika orodha kamili ya vifaa na kazi, pamoja na akiba ya ziada, na kila chumba kinatoka kwa shilingi 345,000. Kodi ya chumba kimoja tuseme ni 4,500 kwa mwezi. Ondoa mwezi mmoja wa chumba kukaa kitupu kila mwaka, ondoa rangi, kufuli, choo kuziba na ada za ploti, na kinachobaki mkononi ni kama 3,600 kwa chumba kwa mwezi. Kodi ya serikali ya mapato ya nyumba haimgusi, kwa sababu huanza pale mapato ya kupangisha yanapofika 288,000 kwa mwaka.

Njia ya kwanza: anatoa yote, 1,082,600, anajenga vyumba vitatu na kubaki na chenji. Vyumba vinampa 10,800 kwa mwezi, na akifika 60 anaongezewa pensheni yenye thamani ya 4,100 za leo. Jumla 14,900.

Njia ya pili: anatoa michango yake tu, 690,000, anajenga vyumba viwili. Vinampa 7,200, na akifika 60 anaongezewa 8,200 za leo. Jumla 15,400. Mkupuo wa theluthi atakaopata ukiwa juu ya hapo ni mara mbili ya ule wa njia ya kwanza.

Njia ya tatu: haachi kitu kitoke. Akifika 60 anapata 14,000 za leo na mkupuo mkubwa, lakini kwa miaka 14 hapati hata shilingi kutoka kwenye akiba hiyo.

Sijapindisha hesabu ili pensheni ishinde, na haishindi. Mwenye ploti safi na mahitaji ya pesa kabla ya 60, vyumba viwili vinamfaa kuliko kuacha yote. Kinachoshindwa ni chumba cha tatu, kwa sababu kilijengwa na ile sehemu ya juu ya mkupuo iliyokatwa zaidi ya moja ya tano kwa kodi.

Lakini hesabu ya vyumba inasimama juu ya masharti. Hatimiliki iwe mkononi, si "makubaliano" yaliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa. Orodha ya vifaa iwe na akiba ya ziada ya angalau asilimia 15, maana saruji na mabati hazisubiri uamuzi wako. Zunguka Rhonda, Kaptembwo na Free Area, au Manyatta na Nyalenda kama uko Kisumu, na utaona kuta zilizofika kwenye linta na nyasi zikaota ndani. Nyumba iliyokwama hapo imekula mkupuo na haitoi kodi. Ukiona bajeti yako inakufikisha kwenye mabati lakini si milango na choo, punguza chumba kimoja kabla hujachimba msingi.

Kwa duka, pikipiki au ng'ombe, sharti langu ni gumu zaidi: kama hujawahi kuifanya biashara hiyo na kuiandikia hesabu kwa mwaka mzima, akiba ya uzeeni si mtaji wake wa kwanza. Ng'ombe wa gredi akifa kwa homa ya kupe, umepoteza kipande cha pensheni, na hakuna mdhamini wa kumwandikia barua.

Kabla ya kutoa chochote, angalia njia ya miaka 50

Fundi ana miaka 46. Miaka minne tu na anaweza kuomba kustaafu mapema, na hapo ile nusu iliyofungwa nayo inafunguka. Kwa asilimia 8, milioni 1.7 itakuwa imefika kama milioni 2.3. Jinsi mfuko wako utakavyolikata kodi dai la miaka 50 inategemea umri wa kustaafu uliowekwa kwenye kanuni zake, kwa hiyo muulize msimamizi na upate jibu kwa maandishi.

Ataishi na nini miaka hiyo minne? Aliyepunguzwa kazini, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mbali na notisi na siku za likizo ambazo hakuchukua. Kwa mshahara wa 45,000 na miaka 12, hiyo ni kama 270,000 kabla ya kodi. Pesa hizo ni za mwajiri, hazitoki kwenye mfuko, na mtu akiambiwa "pesa zako zote ziko kwenye providenti" aombe apewe hesabu hiyo kwa barua. Zinatosha kuvusha miezi kadhaa mtu akitafuta kibarua kingine, na mara nyingi zinatosha kuondoa ile haraka ya kusaini fomu.

Kujaza fomu na kufuatilia

Ukiamua kuhamisha, pesa haziji kwako. Zinatoka mfuko mmoja kwenda mwingine, kwa mwajiri mpya au mpango wa mtu binafsi uliosajiliwa na RBA, na hazikatwi kodi njiani. Soma kama mpango mpya ni wa pensheni au wa akiba, kwa sababu ukiingia wa pensheni ile sheria ya theluthi itakufuata. Ukiamua kutoa michango yako tu, usitegemee alama ya kisanduku. Andika kwa mkono kwenye fomu: "Nilipwe michango yangu na riba yake pekee. Michango yote ya mwajiri ibaki." Ambatisha nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, barua ya kuachishwa kazi, na nakala ya kadi ya benki au barua ya benki yenye namba ya akaunti. Jina kwenye akaunti lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Dai hukwama wiki nyingi kwa sababu ya jina moja la ukoo lililoandikwa kwa njia mbili. Omba nakala yako iliyogongwa muhuri wa siku ya kupokelewa.

Wasipojibu, andika kwa wadhamini, si kwa HR. Wadhamini ndio wenye wajibu wa kisheria juu ya mfuko. Wakikaa kimya, peleka malalamiko RBA ukiambatisha taarifa, payslipu na ile nakala yenye muhuri. Usiporidhika na uamuzi wa RBA, kuna baraza la rufaa la mafao ya kustaafu.

Kwa pesa utakazoziacha, jaza upya fomu ya wanufaika siku hiyo hiyo. Ukifariki kabla ya kustaafu, akiba hiyo haihesabiwi kuwa sehemu ya mirathi. Wadhamini hugawa wakiongozwa na fomu hiyo, na kama uliijaza mwaka ulioajiriwa, ukiwa kapera, jina lililoko bado huenda ni la kaka yako.